UZI: Mfamasia amerudisha jedwali langu la koatemu, anasema Aprili haiwezekani

Karani_Koboko
Salaam wakuu. Mimi ni karani wa kumbukumbu kwenye zahanati ya serikali huku Koboko, Uganda. Mfamasia anayetusimamia ametaka jedwali la miezi minne, Januari hadi Aprili: kila dawa, matumizi ya mwezi na siku tulizoishiwa. Leja yetu ni ya mkono, na waliokuwa wakiijaza ni watu watatu tofauti. Nimeanza na dawa ya malaria, koatemu ya kijani, ile ya watu wazima. Nikajumlisha safu ya "toka" kwa kila mwezi, nikapata Januari 270, Februari 450, Machi 390, Aprili 185. Amerudisha. Amezungushia Aprili kwa kalamu nyekundu na kuandika "haiwezekani, mvua zimeanza". Sasa ukurasa wa leja ndio unaosema hivyo, mimi nibadilishe nini? Naunakili hapa kama ulivyo, NMS ni bohari ya dawa ya taifa:

01/01 salio lililoletwa 420
12/01 chumba cha kugawia, toka 150, salio 270
29/01 chumba cha kugawia, toka 120, salio 150
09/02 chumba cha kugawia, toka 150, salio 0
24/02 kutoka NMS, ingia 900, salio 900
26/02 chumba cha kugawia, toka 300, salio 600
14/03 chumba cha kugawia, toka 300, salio 300
20/03 zahanati jirani, toka 90, salio 210
31/03 hesabu ya stoo, pungufu 30, salio 180
02/04 chumba cha kugawia, toka 180, salio 0
23/04 kutoka NMS, ingia 20, salio 20
25/04 chumba cha kugawia, toka 5, salio 15
06/05 chumba cha kugawia, toka 150, salio 300

Duka_Busia
Ndugu, mimi nina duka la dawa hapa Busia na tatizo lako nalijua. Watu wanachukua kwa mkopo halafu daftari halilingani. Suluhisho ni kutokopesha. Hao zahanati jirani wa 20/03 wamelipa?

Karani_Koboko
Hapana kaka, hatuuzi. Dawa ya serikali haiuzwi. Ni kuazimana tu vituo kwa vituo.

Hesabu_Haraka
Umejichosha bure na safu ya "toka". Njia ni moja: salio la mwanzo, jumlisha zilizoingia, toa salio la mwisho. Kilichobaki ndicho kilichotumika. Hesabu ya darasa la tano.

MzeeWaStoo
Nimekaa stoo za dawa West Nile kabla baadhi yenu hamjajua kusoma. Karani, tazama mistari mitatu ya mwisho. Salio 15, limetoka 150, limebaki 300. Hilo halikukushtua?

Karani_Koboko
Lilinishtua mzee, lakini ni la Mei, na mimi nilitakiwa kuishia Aprili. Nimeliweka tu ukurasa uwe kamili.

MzeeWaStoo
Basi la Mei ndilo linalokwambia Aprili ina nini. Boksi moja la koatemu lina dozi 30. Aliyepokea tarehe 23 aliandika maboksi: 20 yameingia, 5 yametoka, 15 yamebaki. Mwenzake wa Mei amerudi kwenye dozi. 15 mara 30 ni 450, toa 150, ndiyo 300 yake hiyo. Kwa hiyo mzigo wa Aprili ni dozi 600 na kilichotoka tarehe 25 ni dozi 150. Aprili yako siyo 185, ni 180 na 150, yaani 330.

Ubaya wa kosa la kipimo ni kwamba siku linapoingia, hesabu inakubali. Sifuri na 20 ni 20, hakuna wa kulalamika. Linakuja kupiga kelele mistari miwili au mitatu mbele, mtu mwingine anapoandika kwa kipimo kingine. Ukikata ukurasa mwisho wa mwezi unakata hapo hapo penye ushahidi.

Fundi_Jedwali
Mzee kasema. Kwa wanaotumia Excel, usisubiri jicho. Ingiza mistari kama ilivyo kwenye leja, usirekebishe kitu. A tarehe, B maelezo, C ingia, D toka, E pungufu, F salio lililoandikwa. Salio liandike kwa mkono kama lilivyo kwenye karatasi, usiliache Excel ilikokotoe, maana ukifanya hivyo umejifutia ushahidi. Kisha safu ya H, kuanzia mstari wa pili wa data (kwangu ni wa 3), weka:

```
=F2+C3-D3-E3-F3
```

Kila mstari unatakiwa kutoa 0. Ukurasa wako wote unatoa 0 mpaka tarehe 06/05, pale unatoa -435. Ukiona namba isiyo sifuri, usiguse mstari huo kwanza. Panda juu utafute kipimo kilibadilika wapi.

Mtz_Mwanza
Jirani zenu wa Mwanza tunasoma. Kwetu ni mseto, kwenu koatemu, lakini mwandiko wa leja ni uleule. Umehakikisha hiyo 5 ni 5 na siyo 50? Na 1 ya mtu mwingine inavaa kofia hadi inakuwa 7.

Karani_Koboko
Ni 5, nimeangalia na vocha ya kutoa dawa stoo. Vocha imeandikwa "boksi 5". Mzee, asante sana.

Hesabu_Haraka
Sawa, kipimo. Sasa tumia njia yangu: 420 + 900 + 600 – 450 = 1,470 kwa miezi minne. Gawa kwa nne, 367 na ushee kwa mwezi. Kazi imekwisha, mpelekee.

MzeeWaStoo
@Hesabu_Haraka fomula yako ni nzuri ila umeila na mifupa. Ndani ya hiyo 1,470 kuna 90 za jirani na 30 zilizopungua kwenye hesabu ya tarehe 31/03. Hizo hazikumezwa na mgonjwa wa zahanati hii. Toa 120, unabaki na 1,350. Ukijumlisha safu ya kutoka kwa chumba cha kugawia peke yake: 270, 450, 300, 330. Ni 1,350 ileile. Njia zako mbili zikikutana hivyo ndipo unajua ukurasa umekaa sawa. Kwa hiyo fomula yako itumieni kuhakiki, msiipeleke kama jibu.

Na Machi ya Karani ya 390 ilikuwa na hizo 90 za jirani ndani. Machi ni 300.

Hesabu_Haraka
Lakini 90 zilitoka kweli! Stoo haina tena hizo 90. Nikiagiza bila kuzihesabu nitapungukiwa.

MzeeWaStoo
Zitahesabiwa na jirani kwenye matumizi yake. Ukizihesabu na wewe, wagonjwa walewale wameagiziwa mara mbili. Jirani akirudisha, wewe unaandika "ingia", lakini hiyo siyo mgao wa NMS.

Fundi_Jedwali
Ndiyo maana naongeza safu ya G, aina ya mstari: matumizi, mkopo, pungufu, mapokezi. Halafu jumla ya mwezi inachuja aina. Ukiwa na tarehe ya kwanza ya mwezi kwenye J2:

```
=SUMIFS(D:D,A:A,">="&J2,A:A,"<="&EOMONTH(J2,0),G:G,"matumizi")
```

Ikikupa 0 kila mwezi, tarehe zako zimeingia kama maandishi na siyo tarehe. Utazijua kwa kuwa zimelala upande wa kushoto wa kisanduku. Na kipimo kilichobadilika usikifute. Weka safu ya pembeni "toka kwa dozi", andika 150 pale ambapo leja inasema 5, kisha D:D ya kwenye fomula iwe hiyo safu ya pembeni. Mfamasia akiuliza 150 imetoka wapi, 5 bado ipo kando yake.

Afande_Mstaafu
Mimi nilikuwa stoo ya dawa jeshini. Nyote mmepita juu ya hiyo 30 ya tarehe 31/03 kama hamjaiona. Pungufu ya 30 tena kamili! Panya hali 30 kamili. Hapo kuna mtu ametembea na boksi.

Mtz_Mwanza
Afande ameshafunga geti 😂

Dada_Bombo
Afande, tulia kwanza. Mimi ni nesi, chumba cha kugawia ndiko ninakokaa. Boksi kamili mara nyingi ni boksi lililochukuliwa usiku au Jumapili, mtunza stoo hayupo, mama ana mtoto kwenye drip na baba yake naye anatetemeka. Tunachukua boksi, tunaandika kwenye karatasi, karatasi inapotea. Dawa imefika kwa wagonjwa. Kwa maana hiyo 30 ni matumizi.

MzeeWaStoo
Inaweza kuwa hivyo Dada. Inaweza pia kuwa tarehe 24/02 walihesabu maboksi 30 kwa macho na yalikuwa 29, mtu akasaini bila kufungua katoni. Inaweza kuwa ya Afande. Leja haijui. Leja inajua pungufu 30, na jedwali liandike pungufu 30 kwenye safu yake. Mkiihamishia kwenye matumizi kwa kukisia, mwakani hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na swali.

Afande_Mstaafu
Anayejua ni kitabu cha kugawia cha Machi. Hesabuni waliopewa kijani Machi mlinganishe na 300.

Karani_Koboko
Nitaangalia hicho kitabu. Kwa sasa siku za kuishiwa ndizo zinaniumiza. Nilihesabu Februari kuanzia tarehe 9 salio lilipokuwa 0 mpaka 24 mzigo ulipofika, nikapata siku 16. Mwenzangu anasema 15. Aprili nimepata 22.

MzeeWaStoo
Tarehe 9 asubuhi ulikuwa na dozi 150 stoo. Siku hiyo siyo ya kuishiwa. Tarehe 24 umepokea, nayo siyo. Hesabu siku nzima za katikati tu: 10 hadi 23, siku 14. Aprili ni 3 hadi 22, siku 20. Jumla 34. Muhimu chagueni kanuni moja mwitumie kwenye kila dawa, maana mkichanganya kanuni mbili kwenye jedwali moja huwezi tena kulinganisha mwezi na mwezi.

Fundi_Jedwali
Sasa ndipo utamu ulipo. Januari hadi Aprili mwaka usio mrefu ni siku 120. Toa 34, dawa ilikuwepo siku 86. Wastani wa mwezi haugawanywi kwa miezi minne, unagawanywa kwa siku ambazo dawa ilikuwepo: 1,350 gawa kwa 86, mara 30, ni 471. Wa Hesabu_Haraka, hata ukishasafishwa, ni 338. Ukiagiza kwa 338 umewahesabu waliorudishwa mikono mitupu kana kwamba hawakuwa wagonjwa.

Dada_Bombo
Hapo ndipo nakataa. Mnahesabu mlango wa stoo. Tarehe 9 Februari stoo ilibaki sifuri kwa sababu 150 zote zilikwenda chumba cha kugawia, kwa nesi kama mimi! Akaendelea kugawa. Mgonjwa wa tarehe 12 alipata koatemu. Mkiandika siku 14 tumeishiwa, wakati kitabu cha kugawia kinaonyesha nesi alikuwa anatoa, mkaguzi akiweka vitabu viwili pamoja atasema mmoja wenu mwongo.

Kwetu sisi, zikitoka za mwisho stoo, tunazigawa zaidi ya wiki nzima. Karani, kafungue kitabu uone dozi ya mwisho ya kijani ilitoka tarehe ngapi.

Karani_Koboko
Nimetoka kuangalia. Februari dozi ya mwisho ya kijani imeandikwa tarehe 17. Aprili imeandikwa tarehe 13. Kwa hiyo wagonjwa walikosa 18 hadi 23 Februari, siku 6, na 14 hadi 22 Aprili, siku 9. Jumla 15. Siyo 34.

Fundi_Jedwali
Duh. Basi siku zenye dawa ni 105, wastani unashuka hadi 386.

Mtz_Mwanza
Kwa hiyo zahanati moja, ukurasa mmoja, mna 338, 386 na 471. Mfamasia achague kama sokoni.

MzeeWaStoo
Usicheke, ndiyo kazi yenyewe. Ila Fundi, 471 yako ina tatizo lake. Umechukua dawa iliyogawiwa katika siku 105 ukaigawa kwa siku 86. Dozi zilizotumika wakati stoo ni tupu umezihesabu, siku zake umezitupa. Ndiyo maana imevimba. Kama unatumia siku za stoo, tumia na mwendo wa stoo, na useme wazi ni ya stoo. Kama unataka matumizi ya mgonjwa, siku ziwe za mgonjwa.

Pia hata 1,350 siyo matumizi hasa. Ni zilizotoka stoo. Chumba cha kugawia kilikuwa na ngapi tarehe 1 Januari, na ngapi 30 Aprili? Mlitoa 150 tarehe 25 Aprili. Haziwezi kuwa zimekwisha zote kwa siku tano.

Karani_Koboko
Chumba hakihesabiwi mwisho wa mwezi, mzee. Stoo tu.

MzeeWaStoo
Basi hapo ndipo Aprili yenu inapojificha. Januari mlipeleka 120 tarehe 29, nazo zililiwa Februari. Mwezi kwa mwezi leja inakuonyesha siku za kubeba maboksi. Kwa miezi minne kosa hilo linapungua kwa kuwa linabaki kwenye ncha mbili tu, ila kwa mwezi mmoja mmoja linaweza kugeuza mwezi mzima. Februari yako ya 450 imebeba 300 zilizotoka tarehe 26, ambazo nyingi zilimezwa Machi.

Dada_Bombo
Asante mzee, hilo nililisema kazini nikaambiwa nesi afanye kazi ya unesi.

Hesabu_Haraka
Si achukue kitabu cha kugawia moja kwa moja aache leja?

Dada_Bombo
Kijumlishe wewe mistari ya miezi minne, mgonjwa mmoja mmoja, kuna kurasa zimelowa chai. Na siku za foleni kubwa watu hawaandiki wote. Kinakupa pungufu.

Afande_Mstaafu
Na zile siku 15 za kukosa kabisa, watu wazima mlikuwa mnawapa nini?

Dada_Bombo
Sijui kwa Karani. Kwetu tunaunganisha bluu mbili mbili. Bluu ina vidonge 12, kijani 24. Mgonjwa anaondoka na dozi kamili.

Karani_Koboko
Hata sisi. Kitabu kina "bluu x2" nyingi tu Aprili hiyo.

Fundi_Jedwali
Basi kijani pekee hakitoshi. Ungeweka rangi zote kwenye jedwali moja kwa vidonge: njano mara 6, bluu mara 12, kahawia mara 18, kijani mara 24. La sivyo mfamasia ataona kijani imelala na bluu imepaa Aprili, aseme watoto wameugua ghafla.

MzeeWaStoo
Nakubali nusu. Jumla ya vidonge inakuonyesha malaria, haikuonyeshi cha kuagiza. NMS haikuletei vidonge, inakuletea rangi. Ukiagiza bluu kwa matumizi hayo utapata bluu ya ziada na kijani itaisha tena. Kwangu mimi "bluu x2" ningeirudisha kwenye mahitaji ya kijani, katika safu ya pembeni. Mfamasia mmoja niliyefanya naye kazi hakulitaka hilo kabisa, alisema jedwali liandike kilichotoka, mahitaji ni kazi yake yeye.

Mtz_Mwanza
Naye ana hoja.

Duka_Busia
Samahani, narudi kidogo. Hiyo tarehe 24/02, mzigo ulifika kweli siku hiyo? Kwangu mwenye gari la mzigo huandika tarehe ya kupakia, siyo ya kushusha.

MzeeWaStoo
Duka_Busia leo umeamka! Swali zuri. Mzigo wa NMS unapita wilayani kwanza. Karani, angalia hati ya mapokezi uone tarehe ya saini ya kwenu, usiangalie iliyopigwa chapa juu.

Karani_Koboko
Nimekuta. Chapa 24/02. Saini ya in-chaji wetu na muhuri ni 26/02. Ndiyo maana zilitoka stoo siku ileile ya 26.

Fundi_Jedwali
Basi Februari stoo siku 16, wagonjwa siku 8. Kila kitu kinasogea tena. 😩

Karani_Koboko
Nimezungumza na mfamasia kwa simu. Kwanza alicheka kuhusu maboksi. Amesema nipeleke siku za stoo na siku za mgonjwa kwenye safu mbili, na fomu ya HMIS 105, ripoti ya kila mwezi tuliyokwisha kutuma, nisiiguse mpaka aje. Kuhusu "bluu x2" amenyamaza kidogo kisha akasema "andika, nitaona". Kuhusu 30 ameuliza maswali mengi kuliko yote.

Afande_Mstaafu
Niliwaambia.

Dada_Bombo
Au anataka karatasi za usiku zitafutwe, Afande.

Hesabu_Haraka
Na kitabu cha kugawia cha Machi kinasemaje, kijani ngapi?

Karani_Koboko
Ndiyo nahesabu. Nimefika tarehe 19, na kuna ukurasa hauna tarehe kabisa.

MzeeWaStoo
Ukurasa usio na tarehe, tafuta jina la mgonjwa mmoja mwenye mwandiko mzuri ulitafute kwenye rejista ya wagonjwa wa nje. Tarehe utaipata huko. Halafu weka hapa ukurasa wa bluu wa leja, maana kama kijani ilibadilishwa kipimo tarehe 23/04, bluu ilipokelewa na mtu yuleyule siku ileile.